Somo: Nyumbani anajua, kwenye mtihani anapotewa. Namna ya kumwandaa mwanafunzi wa kidato cha nne

Ndugu zangu, matokeo ya moko yakitoka huku Masasi huwa napata wazazi wenye lalamiko moja: mtoto anasoma mpaka usiku wa manane, ukimuuliza nyumbani anajibu, akiingia chumba cha mtihani anakaa anaikodolea macho karatasi. Viganja vinalowa, kalamu inateleza, kichwani hakuna kitu. Akitoka nje tu, jibu linarudi. Mimi nafundisha Biolojia, na nataka tulichambue hili kwa utaratibu, kwa sababu Novemba haiko mbali na mengi yanayofanywa kulitibu yanalizidisha.

Kwanza tuelewe kinachotokea. Mwili ukihisi hatari unamwaga homoni ya adrenalini: moyo unakimbia, pumzi inakuwa fupi, viganja vinatoa jasho. Jasho la viganja halifuati joto kama la mgongoni, linafuata msisimko wa neva, ndiyo maana mtoto analowa mikono hata asubuhi yenye upepo. Jasho hilo peke yake halina madhara kwenye akili. Kinachomwangusha ni kwamba sehemu ya akili inayoshika mambo ya wakati uleule ni ndogo sana. Ikijaa "nikifeli baba atasema nini" na "mbona wenzangu wanaandika", haibaki nafasi ya kuvuta alichosoma. Alichosoma bado kipo, njia ya kukifikia ndiyo imezibwa.

Hatua ya 1: Pima kama ni hofu kweli

Usianze dawa kabla ya kujua ugonjwa. Chukua karatasi ya mtihani aliofeli, subiri siku mbili tatu, mkalishe mahali tulivu bila daftari, ayajibu upya maswali aliyokosa. Swali lililomshinda kabisa alieleze kwa mdomo, kwa Kiswahili.

Nilifanya hivyo na binti mmoja aliyepata alama 38 kwa 100 kwenye Biolojia. Tulizigawa alama 62 alizopoteza katika mafungu matatu. Fungu la kwanza, alama 21, aliyajibu vizuri akiwa ametulia. Hiyo ndiyo hofu. Fungu la pili, alama 23, alieleza kwa Kiswahili bila shida. Njia ya damu kutoka moyoni kwenda mapafuni na kurudi aliitaja yote, akionyesha kwa kidole kifuani pake, lakini kuandika sentensi kwa Kiingereza, lugha ya mtihani, hakuweza. Fungu la tatu, alama 18, hakuwa anajua kabisa.

Fungu la pili ndilo linalosahaulika. Mzazi anaona mtoto anajua, mwalimu anaona karatasi tupu, na mtoto mwenyewe anaamini amepotewa. Kumbe neno la Kiingereza halikuwahi kukaa kichwani vizuri, na kulitafuta mbele ya saa inayokimbia ndiko kunakoamsha ile hofu. Kila fungu lina tiba yake. Ukimwambia "usiogope" mtoto ambaye alama zake nyingi ziko fungu la tatu, hujamsaidia.

Hatua ya 2: Asome daftari likiwa limefungwa

Wengi wanasoma kwa kurudia: ukurasa uleule mara tano, na kalamu ya rangi juu yake. Ukurasa unazoeleka machoni, mtoto anadhani anaujua. Ila mtihani hauulizi kama unautambua ukurasa, unakutaka uutoe kichwani.

Afanye hivi. Asome kipande kidogo, tuseme sehemu za moyo na kazi zake, kwa dakika 15. Afunge daftari. Achukue karatasi tupu, achore moyo na kuandika yote anayokumbuka, kwa Kiingereza cha mtihani, hata kama sentensi ni mbovu. Akikwama asifungue haraka, akae na kukwama kwake kama dakika mbili. Kisha afungue, asahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Kesho yake arudie bila kusoma kwanza, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki.

Hii inasaidia kumbukumbu, na inasaidia hofu pia. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, waliwafundisha watu 120 maneno na picha. Nusu walijifunza kwa kurudia kusoma, nusu kwa kujitahini. Kesho yake baadhi yao walitiwa presha kwa kuhutubia na kufanya hesabu mbele ya watu. Waliorudia kusoma kumbukumbu yao ilishuka chini ya presha, waliojitahini haikushuka. Maneno na picha si Biolojia ya kidato cha nne, hilo nalikubali, lakini ninayoyaona darasani yanaelekea hukohuko.

Hatua ya 3: Azoee chumba cha mtihani kidogo kidogo

Mtoto anayesoma amejilaza kitandani, redio inaimba, hajawahi kukutana na hali ya mtihani mpaka siku ya mtihani. Wiki ya kwanza afanye swali moja kwa dakika 15: mezani, saa mbele yake, daftari chumba kingine, mtu mzima amekaa pembeni. Wiki inayofuata maswali matatu kwa dakika 45. Mwishowe karatasi nzima kwa saa 3, ikianza saa 2 asubuhi siku ya Jumamosi. Nyumba ikiwa na watoto wadogo, mwombeeni darasa shuleni. Ataogopa mwanzoni, na ni vizuri aogope. Tunataka mwili wake ujifunze kwamba hofu hupanda, hukaa, kisha hushuka hata asipokimbia. Kwa hiyo asiruhusiwe kuacha katikati pale mikono inapoanza kulowa. Hofu ikimzidi, punguzeni muda wa zoezi linalofuata, ila la leo alimalize.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Usiku alale. Kukesha kunachukua kumbukumbu kuliko kunavyoongeza. Asubuhi ale chakula alichozoea, na asisimame na wanaoulizana maswali mlangoni. Awe na kitambaa cha mkono na kalamu ya akiba isiyoteleza.

Akianza mtihani, aandike mara moja mambo anayoogopa kuyasahau, mahali panaporuhusiwa kufanyia kazi ya rafu. Kisha aanze na swali analolijua, si lazima la kwanza.

Akipotewa katikati, aweke kalamu chini, afute viganja, akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili. Avute pumzi akihesabu mpaka 4, aitoe taratibu akihesabu mpaka 6, mara kumi. Kutoa pumzi polepole ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo. Inachukua chini ya dakika mbili katika mtihani wa saa 3. Halafu asiling'ang'anie jibu. Aandike chochote kilicho jirani nalo: mchoro, jina la kiungo, mfano uliotolewa darasani. Jambo moja huvuta jingine. Likigoma, aache nafasi, aende swali jingine, atarudi. Haya yote ayafanyie mazoezi katika hatua ya 3, maana mbinu inayojaribiwa mara ya kwanza siku ya mtihani nayo husahaulika.

Maswali ya wanachama

*Mzazi, Newala:* Mwalimu, habari za kazi. Huku korosho zinaanguka, kijana wangu akitoka shule anaingia shambani mpaka giza. Hayo mazoezi atayafanya saa ngapi?

Nzuri, mzazi mwenzangu. Hatua ya 2 haihitaji meza muda wote. Kabla ya kutoka asome kipande kimoja, kisha akiwa anaokota ajisemee kwa sauti: damu inaingia chumba gani, inatokea wapi. Akirudi aandike na kusahihisha, dakika 20 zinatosha. Ila nakuomba zile Jumamosi za karatasi nzima, tatu au nne kabla ya Novemba, umwachie asubuhi yote. Hizo haziwezi kufanyika chini ya mkorosho.

*Mwanafunzi, Nachingwea:* Shikamoo mwalimu. Mimi nikinywa vile vinywaji vya kuongeza nguvu nasoma mpaka saa 9 usiku, ila siku hizi moyo unadunda na mikono inatetemeka hata kabla ya jaribio.

Marahaba mwanangu. Vinywaji hivyo vina kafeini, nayo inaleta yaleyale ya hofu: moyo kudunda, kutetemeka, kukosa usingizi. Ukiingia mtihani katika hali hiyo unadhani umeogopa, na kudhani hivyo kunaongeza hofu kweli. Viache, na ukiwa umevizoea vipunguze kwa siku kadhaa, kwani kuviacha ghafla huumiza kichwa. Saa 4 usiku uwe kitandani.

*Mama wa kidato cha sita, Lindi mjini:* Jirani ameniambia kuna vidonge vya kutuliza moyo duka la dawa, nimpe binti siku ya mtihani?

Hapana, dada yangu, usimpe bila daktari. Huenda anachokisema ni propranololi, dawa ya moyo na presha. Mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya, na inaweza kushusha mapigo kupita kiasi. Dawa nyingine za kutuliza zinaleta usingizi na kuharibu kumbukumbu, jambo tunalolikimbia.

*Mwalimu, Tandahimba:* Nina mwanafunzi ambaye mikono inalowesha karatasi mpaka wino unasambaa, na si mtihani tu, hata akiandika darasani.

Mwalimu mwenzangu, huyo ni tofauti. Jasho linalotoka kila siku, viganja vyote viwili na mara nyingi nyayo pia, hata akiwa na furaha, linaweza kuwa maumbile ya tezi zake za jasho, na lina matibabu. Likiambatana na kukonda, moyo kwenda mbio na kutovumilia joto, apimwe tezi ya shingo. Aanzie kituo cha afya, akihitaji rufaa kuna hospitali ya Ligula kwa upande wa Mtwara. Kwa sasa mpe karatasi ngumu ya kuweka chini ya mkono anapoandika. Kwa mtihani wa taifa, mkuu wa shule amweleze msimamizi mapema asije akatiliwa shaka.

*Mzazi, Ruangwa:* Nitajuaje kama hofu ya mwanangu imepita kiwango cha mazoezi haya?

Angalia siku ambazo hakuna mtihani. Kama halali vizuri wiki mbili mfululizo, amekataa chakula, anakwepa shule, anazimia, au anasema bora asingekuwepo, usisubiri Novemba. Mpeleke hospitali na umwambie mwalimu wa ushauri nasaha. Akisema bora asingekuwepo, mpeleke siku hiyohiyo, wala asiachwe peke yake. Kama ni karatasi za mtihani tu, rudia kipimo cha hatua ya 1 baada ya wiki nne za mazoezi, uone fungu la kwanza limepungua kwa alama ngapi.