Maonyesho uliyopoteza kwa bajeti na uliyopoteza kwa cheo: jinsi ya kusoma safu hizi mbili na nini cha kubadili

Wengi wakiona tangazo lao halionekani, jambo la kwanza wanalofanya ni kupandisha zabuni. Mimi nilifanya hivyo miaka kadhaa, na mara nyingi nilikuwa natibu mguu wakati kinachouma ni jino. Google Ads yenyewe inakwambia maonyesho yamepotelea wapi, ila inakwambia kwa safu mbili ambazo hazionekani mpaka uziweke.

Hatua ya 1: Weka safu tatu

Fungua jedwali la kampeni za utafutaji, bofya `Columns`, kisha `Modify columns`, uongeze hizi:

```
Search impr. share
Search lost IS (budget)
Search lost IS (rank)
```

Ya kwanza ni asilimia ya maonyesho uliyopata kati ya yale uliyostahili kushindania. Ya pili ni yale yaliyopotea kwa sababu bajeti ilikuwa ndogo. Ya tatu ni yale yaliyopotea kwa sababu cheo chako kwenye mnada hakikutosha. Zikijumlishwa zinafika 100%, ukiacha desimali zinazokatwa. Chukua siku 14 zilizopita au zaidi, na usiihesabu leo, maana namba hizi huchelewa kukamilika.

Jambo moja la kukumbuka: hasara ya bajeti utaiona ngazi ya kampeni tu, kwa kuwa bajeti inakaa huko. Hasara ya cheo unaweza kuifuata hadi kwenye kundi la matangazo na neno muhimu. Hiyo peke yake inakuonyesha pa kwenda kufanyia kazi.

Hatua ya 2: Geuza asilimia kuwa maonyesho

Tuseme unauza programu ya uhasibu kwa ofisi ndogo. Nitaandika fedha kwa namba tupu, wewe weka sarafu ya akaunti yako. Kampeni ya ankara ina bajeti ya 60 kwa siku. Kwa siku 7 imetumia 420, ikapata maonyesho 3,000, mibofyo 210 na maombi 12 ya kujaribu programu. Safu zinasema: umepata 30%, umepoteza 50% kwa bajeti na 20% kwa cheo.

```
maonyesho yaliyowezekana = 3,000 / 0.30 = 10,000
yaliyopotea kwa bajeti   = 10,000 x 0.50 = 5,000
yaliyopotea kwa cheo     = 10,000 x 0.20 = 2,000
```

Kila mbofyo umegharimu 2, na watu 7 kati ya 100 walioona tangazo walibofya. Kwa hiyo kuyafidia yale 5,000 kungeleta mibofyo 350 hivi, yaani 700 za ziada kwa wiki, au 100 kwa siku. Bajeti ingepanda kutoka 60 hadi 160. Ni makadirio tu, lakini yanatosha kumwonyesha mwenye fedha kabla hajasema “ongeza kidogo tuone”.

Hatua ya 3: Bajeti ikiwa ndiyo tatizo, usiguse zabuni kwenda juu

Hapa ndipo watu wanapojikwaa. Bajeti isipotosha, mfumo hulitawanya tangazo lako kwenye siku, likiingia minada mingine na kukaa nje ya mingine. Ukipandisha zabuni, kila mbofyo unakuwa ghali, zile 60 zinaisha kwa mibofyo michache zaidi, na hasara ya bajeti inapanda. Umelipa zaidi ili uonekane mara chache.

Kama fedha ipo na ombi moja kwa 35 linalipa, ongeza bajeti. Kama haipo, anza na ripoti ya `Search terms`. Kwenye kampeni yetu tuseme umekuta maonyesho 840 yametoka kwa watu walioandika “bure”, “ajira” na “mafunzo”. Walibofya mara 60, wakakugharimu 120, na hakuna hata mmoja aliyeomba kujaribu. Yaweke maneno hayo kwenye orodha ya maneno ya kuzuia.

Tazama kinachotokea. Zile 420 sasa zote zinakwenda kwa watu wanaotafuta programu. Mibofyo inabaki karibu 210 na maonyesho karibu 3,000, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Lakini yale uliyostahili yameshuka hadi 7,200 hivi, kwa hiyo fungu lako limepanda kutoka 30% hadi karibu 42%. Na kwa kuwa maombi 12 yalitoka kwenye 300 tu, sawa na 25 kwa ombi, wiki inayofuata unaweza kutarajia 16 au 17 kwa fedha ileile.

Bado bajeti inabana? Shusha zabuni kidogo. Hasara ya cheo itapanda na ya bajeti itashuka, na hapo usiogope: unanunua mibofyo mingi zaidi kwa bei nafuu. Kampeni isiyoweza kumudu minada yote, heri ishindwe ile ya ghali kuliko kukosekana hata kwenye ya rahisi.

Hatua ya 4: Cheo kikiwa ndicho tatizo, shuka hadi kwenye neno

Kampeni ya pili, ya mishahara, ina bajeti ya 40 kwa siku lakini inatumia 22 tu. Safu zinasema 35% umepata, 3% bajeti, 62% cheo. Kuongeza bajeti hapa ni kumwaga maji kwenye mtungi usiotumika.

Cheo hakitokani na zabuni pekee. Ubora wa tangazo, ukurasa anaofikia mtu akibofya, na ushindani wa mnada wenyewe vyote vinahesabiwa. Nenda kwenye maneno muhimu, yapange kwa hasara ya cheo, kisha ongeza safu za `Exp. CTR`, `Ad relevance` na `Landing page exp.`. Tuseme neno “kukokotoa mishahara” lina `Below average` kwenye `Ad relevance`. Ukilifungua tangazo lake, kichwa kinasema “Andika Ankara kwa Dakika Moja”. Mtu anatafuta mishahara, wewe unamwonyesha ankara.

Lihamishe neno hilo kwenye kundi lake, liandikie tangazo linalotaja mishahara, na lipeleke kwenye ukurasa wa mishahara badala ya ukurasa wa mwanzo. Acha wiki mbili. Tuseme hasara ya cheo imeshuka hadi 47%, na kampeni sasa inatumia 30 kwa siku: 420 kwa siku 14, maombi 15, sawa na 28 kwa ombi.

Hatua ya 5: Ndipo uguse zabuni au lengo

Kama mfumo unakupangia zabuni kwa lengo la gharama kwa ombi (`Target CPA`), hasara ya cheo mara nyingi ni lengo lako lenyewe linalokaba. Lilegeze kidogo kidogo, tuseme kutoka 28 hadi 32, na usibadili kitu kingine kwa wakati huo.

Baada ya siku 14 nyingine umetumia 525 na kupata maombi 17. Wastani ni karibu 31, na unaonekana mzuri. Lakini piga hesabu ya nyongeza tu: maombi 2 kwa 105, yaani zaidi ya 52 kila moja. Kama ombi halikuletei faida ya kiasi hicho, rudisha lengo kwenye 28 na uiache hasara ya cheo ikae hapo ilipo.