Somo: Msafiri anasimulia, uongo wake unamfichua

Mnaniuliza jinsi ya kuandika hadithi ndani ya hadithi; naandika hapa mara moja ili nisiulizwe tena faraghani.

1. Andika kisa cha ndani chote kwanza, yaani kile anachosimulia msafiri; kisa cha nje ni safari anamosimulia.

2. Chagua msimulizi, msikilizaji na safari. Mfano wangu ni mzee na kijana kwenye basi la Mombasa kwenda Mokowe. Mzee anaeleza jinsi mwenzake alivyozama zamani, walipokuwa wakipeleka jahazi la tanga Lamu kutoka Mombasa.

3. Weka ufa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ufa ni jambo lisilowezekana ambalo msimulizi analisema kwa kujiamini. Mzee anasema: "Ilikuwa Januari, upepo wa tezi, kesho yake tukafika." Januari ni kaskazi, na kaskazi inavuma kutoka huko huko Lamu iliko. Upepo ungekuwa wa omo, usoni, si wa tezi, mgongoni. Basi safari haikuwa hiyo, na kifo cha mwenzake kinaanza kunuka. Onyo: ufa uwe mmoja. Ukiweka mitatu, msomaji ataona wewe ndiye usiyeijua bahari. Onyo la pili: lazima kisa cha nje kiushtukie. Nimemweka baharia mstaafu kiti cha nyuma. Anauliza tu, "Januari?" Mzee anaomba maji ya kunywa, kisha anaendelea kama hakusikia. Usieleze zaidi ya hapo.

4. Katisha kisa mara mbili, pale anapokaribia kusema alichofanya. Basi likisimama Malindi panatosha.

5. Malizia nje. Kwangu, wakifika Mokowe wote wanapanda boti, mzee hapandi.

MASWALI

Juma: Kwa hiyo mzee alimuua?
— Soma hatua ya tatu.

Juma: Nimesoma, mwalimu. Nauliza tu.
— Mwandishi ajue, msomaji ashuku. Kiandike alichofanya kwenye daftari lako, kisikae kwenye hadithi.

Nekesa: Sisi wa bara hatuzijui pepo hizi. Ufa si utatupita?
— Swali zuri, dada. Kanuni itangulie ufa, tena kwa mdomo wa mtu mwingine. Kabla basi halijaondoka, baharia analalamika kwamba enzi za tanga, Januari kaskazi ikivuma, kwenda Lamu kulikuwa adhabu. Msomaji anayachukulia kama porojo za stendi. Kurasa chache baadaye mzee anataja Januari na upepo wa tezi, na wewe wa Kitale unashtuka pamoja na wa Mji wa Kale.

Salim: Lakini jahazi hupiga bisha likaenda dhidi ya upepo.
— Kweli kabisa. Angefika, ila kwa kuchelewa na kulowa. Ndiyo maana nikampa "tezi" na "kesho yake". Ondoa hayo mawili, ufa unazibika. Na jahazi lisiwe na mashine.

Salim: Nikitumia Aprili je?
— Usitumie. Aprili upepo unageuka kuwa kusi, na kusi inasukuma kwenda Lamu. Mzee wako atakuwa anasema kweli.