Kumdai mteja nyaraka za hesabu kabla ya 31 Desemba

Kampuni ambayo mwaka wake wa fedha unaisha 30 Juni inatakiwa kupeleka ritani ya kodi ya mapato kwa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ndani ya miezi sita, yaani kufikia 31 Desemba. Wahasibu wengi tunakwama Novemba: kazi imefika nusu, mteja anasema "nimeshakutumia kila kitu", na kweli anaamini ametuma. Nitaeleza kwa kazi ya 2025 ya Hajati mmoja mwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi Arua.

Hatua ya 1: Lijue pengo lenyewe

Ukiandika "naomba nyaraka zilizobaki", mteja hajui aanzie wapi. Pitia ulichonacho kwanza. Taarifa ya benki ya Hajati ilifunga 31 Machi na salio la shilingi 14,260,000, na ukurasa uliofuata ukaanza 1 Juni na 9,815,000. Kwa hiyo Aprili na Mei hazipo. Pia kuna mteja wake aliyeuziwa saruji ya milioni 8 kabla ya VAT, na malipo yakaingia yakipungua 480,000. Hiyo ni asilimia 6 kamili, kodi ya zuio, lakini cheti chake hakikuwemo. Cha tatu kilikuwa hesabu ya mali ya stoo ya 30 Juni.

Hatua ya 2: Uliza nani anayo

Hapa ndipo siku nyingi hupotea. Taarifa ya benki anaiomba Hajati mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwenye saini. Cheti cha zuio hana. Kinatoka kwa aliyemkata. Stoo anaijua mtunza stoo. Ukimwandikia Hajati yote matatu bila kutenganisha, yatakaa kwenye simu yake.

Hatua ya 3: Hesabu siku kurudi nyuma

Usimpe mteja tarehe ya URA, mpe yako. Mimi nahitaji wiki tatu za kazi, Hajati wiki moja ya kusoma na kusaini, na wiki ya Krismasi siihesabu. Nikaweka Alhamisi 13 Novemba, saa kumi jioni. Ijumaa niliikwepa kwa sababu ya sala. Ukimwekea mtu saa ambayo yuko msikitini, umempa sababu ya kuchelewa.

Hatua ya 4: Piga simu, kisha andika

Nilimpigia Jumatatu 3 Novemba, nikamsalimu, nikaeleza. Baada ya simu nikamtumia hii kwa wasapu:

> Asalaam alaikum Hajati. Kama tulivyozungumza, hesabu zimesimama kwa mambo matatu. (1) Taarifa ya benki ya Aprili na Mei, faili lenyewe kutoka benki, si picha ya skrini. (2) Cheti cha kodi ya zuio ya 480,000 kwa saruji ya milioni 8. Aliyekulipa ndiye anayekitoa. (3) Hesabu ya stoo ya 30 Juni. Nitaongea na mtunza stoo ukiniruhusu. Naomba yanifikie Alhamisi 13 Novemba, saa kumi jioni. Cheti kisipofika, ritani itakwenda bila kupunguza hiyo 480,000. Taarifa ya benki isipofika, sitaweza kuendelea, na siku zako za Novemba nitampa mteja mwingine.

Matokeo niliyoyataja ni yale nitakayoyatekeleza. Nilikumbusha mara moja tu, Jumatatu 10, nikitaja kilichobaki peke yake. Benki ilifika tarehe 11, cheti tarehe 13 mchana.

Stoo haikuwa imehesabiwa 30 Juni. Tukahesabu tarehe 8 Novemba na kurudi nyuma: saruji mifuko 310 iliyopo, ongeza 1,840 iliyouzwa tangu 1 Julai, toa 1,900 iliyonunuliwa, unapata 250. Hii inafaa tu kama mauzo na manunuzi yote yameandikwa. Ukipata namba hasi, ujue kuna ankara imekosekana.

Maswali ya wanachama

*Mteja akichelewa, si tunaomba URA waongeze muda?*

Mnaweza, mradi ombi liingie kabla tarehe haijapita, na haliwezi kuzidi siku 90. Lakini tarehe ya kulipa kodi haisogei, na riba ya asilimia 2 kwa mwezi inaendelea kuhesabiwa. Mwambie mteja hilo mapema, wengi hudhani wameongezewa yote mawili.

*Mteja wangu ni mzee wa rika la baba yangu. Nitamwekeaje saa bila kumvunjia heshima?*

Heshima iwe kwenye simu na salamu, tarehe iachie ilivyo. Ukiandika "ukipata nafasi, mzee", atasubiri nafasi. Andika "Mzee, naomba Alhamisi saa kumi", kisha muulize kama siku hiyo ana safari. Akiitaja mwenyewe tarehe nyingine inayokutosha, ichukue na uirudie kwa maandishi siku hiyohiyo.

*Anatuma vipande vipande, stakabadhi tano leo, tatu kesho.*

Kila jioni mjibu: "Nimepokea hizi, bado hizi." Mpaka orodha iishe.