Biti imeng'ang'ania kwenye chaki ya drili, au chaki yenyewe haifunguki: fanya hivi

Wakuu, haya mawili mara nyingi yanakuja pamoja, na ni lazima uanze na biti, kwa sababu skrubu inayoshika chaki iko ndani kabisa katikati ya meno, biti ikiwepo huioni. Kabla ya yote toa betri au chomoa waya.

1. Simamisha drili mdomo juu, dondoshea mafuta ya kulegeza kutu katikati ya meno uache usiku kucha. Asubuhi gonga biti kidogo kidogo ubavuni, halafu shika chaki kwa spana ya bomba ukiweka kitambaa na uzungushe kinyume cha saa ukiitazama kwa mbele. Kama ni ya pete mbili, ya nyuma ishikwe na mwingine. Chaki ya plastiki usiikaze sana na spana, inapasuka.

2. Biti ikitoka, fungua meno mpaka mwisho, mulika ndani. Ukiona skrubu, jua nyuzi zake ni za kushoto, yaani inafunguka kwa kuzungusha KUELEKEA saa. Hapa ndipo watu wanaikaza wakidhani wanafungua mpaka kichwa kinaliwa.

3. Sasa chaki, yenyewe nyuzi zake ni za kawaida. Bana spana ya L nene ya milimita 8 au 10 kwenye meno, weka gia namba 1 ili mashine ishike mhimili, laza drili mezani chaki ikining'inia nje, na mkono wa spana uelekee kushoto ukitazama kwa mbele. Piga huo mkono chini kwa nyundo, pigo moja kali la ghafla. Kusukuma polepole hakusaidii, gia zinazunguka tu na wewe unachoka. Ikigoma, huenda iliwekwa gundi ya nyuzi, ipashe moto kwa hewa ya moto kwanza, lakini usiguse boksi la plastiki.

MASWALI

Mdau: yangu haina skrubu ndani, nimeibiwa?
Jibu: hapana, drili isiyorudi nyuma mara nyingi haina. Ruka hatua ya 2.

Mdau: kichwa cha skrubu kimeshaliwa mkuu, nifanyeje
Jibu: toboa katikati yake kwa biti ya kawaida kwenye drili nyingine, polepole. Biti inazunguka kuelekea saa na ndiko skrubu hiyo inakofungukia, kwa hiyo ikishika tu inaweza kutoka yenyewe. Isipotoka, endelea mpaka kichwa kikatike.

Mdau: na drili ya kusimama, ile ya mezani?
Jibu: nyingi hiyo chaki haina nyuzi, imekaa kwenye koni, ukiipiga kwa spana ya L utaharibu tu. Pata kabari mbili zenye mdomo kama uma, ziingize kutoka pande mbili kati ya chaki na bega la mhimili, gonga ya nyuma ukizuia ya mbele. Inaruka ghafla, kwa hiyo weka mbao chini.