SOMO: Kupima ofa mbili za kazi pale moja inapolipa zaidi lakini bima ni finyu na safari ni ndefu

Ninaandika somo hili ili nisilazimike tena kujibu kila wiki swali la "ipi nichukue". Nitatumia mfano mmoja wa mkazi wa Kimara, Dar es Salaam, mwenye mke na watoto wawili. Ofa A ni ya ofisi iliyopo Ubungo, mshahara ghafi shilingi 1,500,000. Ofa B ni ya kiwanda kilichopo Barabara ya Pugu, mshahara ghafi shilingi 1,850,000. Kwa macho tu, B inazidi kwa 350,000.

Hatua ya 1. Omba ofa zote mbili kwa maandishi. Ahadi ya simu haina hesabu.

Hatua ya 2. Geuza kila mshahara uwe fedha ya mkononi. Hapa ndipo wengi huangukia, kwa hiyo soma polepole. Barua moja huandika mshahara ghafi, nyingine hutaja kiasi kitakachoingia benki, na mwombaji huzilinganisha kana kwamba ni kitu kimoja. Kwanza ondoa mchango wako wa NSSF. Sheria inataka jumla ya asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata wewe zaidi ya asilimia 10; wapo waajiri wanaobeba sehemu kubwa zaidi wenyewe. Katika mfano wetu, A anakata asilimia 5 na kulipa 15, ilhali B anakata 10 kamili. Kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi ya mshahara. Kwa viwango vya Tanzania Bara vya mwaka wa fedha 2024/25, anayebakiwa na zaidi ya 1,000,000 kwa mwezi hulipa 128,000, kisha asilimia 30 ya kila kinachozidi milioni hiyo.

Ofa A: 1,500,000 kutoa 75,000 ya NSSF inabaki 1,425,000. Kodi ni 255,500. Mkononi ni 1,169,500.

Ofa B: 1,850,000 kutoa 185,000 inabaki 1,665,000. Kodi ni 327,500. Mkononi ni 1,337,500.

Zile 350,000 zimekuwa 168,000 kabla hujapanda basi hata moja.

Tahadhari: angalia pia ni kiasi gani cha mshahara huo ni mshahara wa msingi na kiasi gani ni posho. Malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo hupigwa kwa mshahara wa msingi, kwa hiyo 1,850,000 ambayo ndani yake msingi ni 1,000,000 tu inaweza kukupa kiinua mgongo kidogo kuliko 1,500,000 ambayo yote ni msingi. Usidanganyike kwamba fedha ikiitwa posho haitozwi kodi. Posho nyingi zinazolipwa taslimu hutozwa kama mshahara.

Hatua ya 3. Uliza bei ya kile ambacho B hakupi. A anakatia bima ya afya familia nzima. B anamkatia mfanyakazi peke yake. Usikadirie kichwani. Nenda kwa kampuni ya bima, uliza bei ya mke na watoto kwa kiwango kile kile cha hospitali, na uulize muda wa kusubiri kabla ya huduma ya uzazi, kwa sababu bima ya kikundi kazini mara nyingi huwa na masharti mepesi kuliko unayojinunulia. Tuchukulie umeambiwa bei ambayo, ukiigawa kwa mwezi, ni 80,000.

Hatua ya 4. Nauli. Tuchukulie B inakuongezea 3,000 kwa siku, yaani 66,000 kwa siku 22 za kazi.

Hatua ya 5. Hesabu saa. Pima safari siku ya kazi, saa ya kazi, kuanzia mlangoni kwako pamoja na foleni ya kituoni. Safari ya Jumapili uliyoifanya siku ya usaili haikufundishi chochote kuhusu Barabara ya Mandela saa moja asubuhi. Kwa A ni dakika 40 kila upande, kwa B ni dakika 105. Tofauti ni dakika 130 kwa siku, karibu saa 48 kwa mwezi, wakati wiki ya kazi ya kawaida kisheria haizidi saa 45.

Sasa unganisha: 168,000 kutoa 80,000 na 66,000 inabaki 22,000. Ukigawa kwa saa 48, B anakununua kwa takriban shilingi 460 kwa saa. Ofa A, kwa wiki ya saa 45, inakulipa kama 6,000 kwa saa.

MASWALI

Mwanachama wa Mwanza: Mkuu, nina laki tisa na milioni moja na laki mbili. Nichukue ipi?

Jibu: Hujasema kama ni ghafi au za mkononi, hujasema bima wala umbali. Anza hatua ya 1.

Mwanachama wa Tabata: Ndugu mwandishi, naona umemwonea B. Ile asilimia 10 anayokata haipotei, inakwenda kwenye mfuko wa mwanachama.

Jibu: Hoja yako ni ya haki, na ndiyo niliyotarajia mtu aiulize. Mfukoni kwako NSSF, A inaingiza jumla ya 300,000 na B 370,000. Ukiziongeza hizo 70,000, B inabaki na faida ya 92,000, sawa na takriban 1,900 kwa saa. Sikuziweka juu kwa sababu huwezi kuzilipia ada ya shule mwezi huu, lakini anayetazama uzee na aziweke.

Mwanachama wa Dodoma: Mimi bado nalipa mkopo wa HESLB. Je, hesabu inabadilika?

Jibu: Inabadilika sana. Makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ikiwa mishahara yote miwili ni ya msingi mtupu, zile 350,000 za ziada zinakatwa 52,500 zaidi, na tofauti ya 168,000 inashuka hadi 115,500. Deni linapungua haraka zaidi, ni kweli, lakini katika mfano huu hutaweza kulipia bima na nauli kwa tofauti hiyo.

Mwanachama wa Mbezi: Maneno mengi. Si ahamie tu karibu na kiwanda?

Jibu: Anaweza, kama ni mpangaji. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi kadhaa mbele, na watoto watabadili shule. Weka gharama hizo mahali pa nauli kisha upige hesabu upya. Somo halikukataza.

Mwanachama wa Temeke: Kaka, napenda kazi yenyewe ya B. Nikirudi kuzungumza nao, niombe nini?

Jibu: Usianze na mshahara. Kwa B, kila 100,000 ya nyongeza inakufikia 63,000 tu baada ya NSSF na kodi, kwa hiyo ili upate 80,000 ya bima ya familia itabidi wakuongezee karibu 127,000. Waombe wawaingize mke na watoto kwenye bima yao ya kikundi. Kisha uliza kama kuna gari la wafanyakazi linalopita Ubungo, maana viwanda kadhaa vinayo na hayaandikwi kwenye barua. Uliza pia kuhusu Jumamosi: saa 45 zinaweza kugawanywa kwa siku sita, na ikiwa ni hivyo, siku zako ni 26, wala si 22, na nauli inafika 78,000.

Mwanachama wa Temeke: Nimewauliza. Jumamosi ipo, hadi saa saba mchana. Gari lipo, linaishia Buguruni.

Jibu: Basi badilisha hatua ya 4 na ya 5 kwa kuanzia Buguruni, kisha weka namba zako hapa tuzipitie.