Somo: Vani ya mtumba ya kuuzia viazi karai Malindi, ipime kabla hujailipa

Wengi huanza kwa bei na rangi. Mimi naanza kwa kalamu na karatasi.

Kwanza, uzito. Soma kwenye logibuku gari limeruhusiwa mzigo kiasi gani. Tuseme vani ndogo imeandikiwa kilo 750. Sasa ipakie kwenye karatasi: meza na kabati za chuma 120, jiko na karai 60, mitungi miwili ya gesi ya kilo 13 kama 55 (chuma nacho kina uzito wake), maji lita 100 ni kilo 100, friji 45, betri 45, viazi na mafuta 80, na nyinyi wawili 140. Jumla 645. Imebaki nafasi ya kilo 105, hapo ni sawa. Ingekuwa imebaki 20, ningetafuta gari kubwa zaidi. Pipa la maji lisikae nyuma kabisa mlangoni. Liweke mbele ya ekseli ya nyuma, la sivyo pua inainuka na usukani unakuwa mwepesi.

Pili, moto wa umeme. Kukaanga ni kwa gesi, hapo hakuna mjadala: kikaango cha umeme cha wati 2,000 kinamaliza betri kabla ya nusu saa. Kwa joto letu, friji ndogo ya betri inakula wastani wa wati 40. Saa kumi ni wati-saa 400. Taa 75, blenda ya juisi ya ukwaju 135. Jumla 610, ongeza zinazopotelea kwenye inveta, fikiria 700. Betri ya asidi usiitumie kupita nusu ya chaji yake, kwa hiyo unahitaji wati-saa 1,400. Gawa kwa volti 12 upate kama Ah 117, basi chukua betri ya Ah 150. Iwe ya pekee, si ile ya kuwashia gari.

Tatu, kutu. Yangu ya kwanza ilipakwa rangi ikang'aa. Nilipoinua zulia, bisibisi ilipenya sakafuni kama kwenye mkate wa mofa. Gari lililolala karibu na bahari lichunguze chini ya milango na kwenye chasisi, ukigonga kwa nyundo: chuma kizima kinalia, kilichooza kinabweka.

Nne, makaratasi. Jina libadilishwe NTSA kabla hujaanza kukata dirisha la kuuzia, na ukibadili bodi, logibuku nayo ibadilishwe. Kaunti ya Kilifi itataka kibali cha biashara, na kila anayeshika chakula awe na cheti cha afya, na apimwe upya kila miezi sita.

*Swali, Watamu: Kaka, nikiendesha gari betri haitajaa?*
Dada, kutoka Watamu hadi Malindi ni safari fupi, haitoshi. Ichaji kwa stima ya nyumbani usiku kucha.

*Swali, Mambrui: Mtungi niweke ndani?*
Ukiweka ndani, toboa tundu la hewa sakafuni. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini, haitokei dirishani.

*Swali, Shela: Muuzaji asema logibuku iko benki.*
Basi gari bado ni la benki. Mwende nyote wawili hadi benki, deni lilipwe hapo hapo.