Grafu ya mihimili kwa kusimama: wanafunzi na tunda wanalolipenda

Kabla ya kutoka nje, kila mtoto aandike kwenye kikaratasi tunda moja tu analolipenda kuliko yote. Usiiruke hatua hii. Watoto wakichagua wakiwa tayari uwanjani, watamfuata rafiki, na grafu yako itaonyesha urafiki badala ya matunda.

Uwanjani, chora kwa chaki mstari mmoja mrefu wa kuanzia. Juu yake chora safu za miraba yenye upande wa sentimita 50 hivi, safu moja kwa kila tunda, kisha andika majina ya matunda chini ya mstari. Pembeni andika namba: 0 iwe kwenye mstari wenyewe, 1 mwisho wa mraba wa kwanza, na kuendelea. Ukianza na 1 kwenye mstari, kila safu itasomeka imezidi kwa mmoja.

Sasa wasimame, mtoto mmoja mraba mmoja, bila kuruka mraba. Tuseme darasa lina watoto 24: embe 9, ndizi 7, chungwa 5, papai 3, nanasi hakuna. Safu ya nanasi iache hapohapo ikiwa tupu, maana sifuri nayo ni taarifa.

Kisha waambie wale watatu wa papai watoke kwenye miraba na wasimame mbalimbali mpaka wafikie urefu wa safu ya chungwa. Uliza: je, sasa papai limelingana na chungwa? Wengine watajibu ndiyo bila kusita. Waache wabishane na wahesabu, halafu warudi kwenye miraba. Hapo ndipo wanapoona kwa nini nafasi lazima zilingane.

Tatizo la grafu hii ni kwamba aliye ndani yake haioni. Kwa hiyo kila mtoto aweke daftari lake kwenye mraba wake, atoke, na wote waisome wakiwa upande wa mstari wa kuanzia.

Anza na maswali mepesi: tunda lipi lina wengi, ndizi ni wangapi. Ugumu huja ukiuliza, "Embe limezidi chungwa kwa wangapi?" Wengi watasema 9, kwa sababu wanaisoma safu ndefu peke yake. Warudishe wa embe na wa chungwa kwenye miraba, kila wa chungwa ashikane mkono na mmoja wa embe. Waliobaki bila mwenzi ni 4, na ndilo jibu.

Darasani wachore grafu hiyohiyo kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja kwa mtoto mmoja. Jumla ya safu zote ikitoka 23, kuna aliyesahaulika. Mara nyingi ni mchoraji mwenyewe.

Kama darasa lina watoto 60, wasisimame wote. Nusu wawe grafu, nusu wawe wasomaji, kisha wabadilishane, na mwishoni wajumlishe safu za makundi yote mawili.